Kumwandikia aliyekupendekeza kazini: namna ya kumshukuru na kumpa matokeo, hasa pale ulipokosa nafasi

Mtu aliyekupendekeza kwa mwajiri wake mara nyingi ndiye wa mwisho kujua maombi yako yaliishia wapi. Akishakuingiza kwenye mfumo wa ajira, au akishamwandikia meneja mwenye nafasi, shughuli huhamia mikononi mwa idara ya rasilimali watu na jopo la usaili. Hao kwa kawaida hutunza taarifa za waombaji kwa siri, hata kwa mfanyakazi mwenzao aliyeleta jina. Akiuliza, huenda akajibiwa tu kwamba mchakato unaendelea, na baada ya hapo asisikie lolote. Wakati huohuo meneja anaweza kukutana naye koridoni na kumwambia kwamba yule mtu wake alijitahidi lakini hakufika, naye akabaki akiitikia kwa kichwa jambo ambalo hakuwa na habari nalo.

Kwa sababu hiyo ujumbe wa kumshukuru na ujumbe wa kumpa matokeo ni heri viwe kitu kimoja. Shukrani isiyo na taarifa humwacha akikisia, na taarifa isiyo na shukrani humfanya aonekane kama kituo ulichopitia tu. Mwongozo huu unashughulikia zaidi hali iliyo ngumu kuandikwa, yaani pale maombi yalipokataliwa, kwa kuwa hapo ndipo wengi hunyamaza kwa haya. Hali nyingine zitafuata baadaye kwa ufupi.

Hatua ya kwanza: jua hasa alichokufanyia

Kabla ya kuandika neno lolote, jikumbushe kitendo alichokifanya, kwa sababu kupendekezwa kuna viwango. Kuna anayekutumia tangazo na kukuambia ujaribu bahati yako. Kuna anayejaza jina lako kwenye fomu ya ndani ya kampuni, ambapo jina lake linabaki limeandikwa kando ya lako. Kuna pia anayemwendea meneja mwenyewe na kumwambia kwamba amefanya kazi na wewe na anakujua. Huyu wa tatu ameweka sifa yake rehani, na ukimshukuru kwa maneno yaleyale unayompa aliyekutumia tangazo, utaonekana hukuelewa uzito wa alichokifanya.

Ikiwa hujui alifanya nini, rudi kwenye mazungumzo yenu ya awali uyasome. Mara nyingi yumo humo anapokuambia kwamba amekwisha kuzungumza na fulani, au kwamba ametuma wasifu wako na maelezo kidogo. Ukiona maneno hayo, umepata sentensi yako ya shukrani, kwa sababu utamtajia kitendo chake chenyewe badala ya kumsifu kwa jumla.

Ikiwa mlipitia mtu wa kati, kwa mfano rafiki aliyekuunganisha na mwenzake aliye ndani ya kampuni, andika jumbe mbili tofauti. Wa ndani apewe taarifa kamili. Rafiki naye aambiwe matokeo na pia aelezwe kwamba mwenzake alikusaidia kweli, maana yeye ndiye aliyeomba hisani ile kwa niaba yako na huenda hajui kama ilitekelezwa.

Hatua ya pili: chagua wakati

Ujumbe mfupi wa kwanza hutumwa mara tu anapokuambia kwamba amekupendekeza. Hauhitaji ufundi: mwambie umepokea, umshukuru, na umweleze kama tayari umejaza maombi rasmi au unangoja maelekezo. Wa pili, usio wa lazima lakini wenye manufaa, ni pale unapoitwa kwenye usaili. Mpe tarehe na jina la idara, ili asije akashtuka kukuona mapokezi au kuulizwa habari zako bila kujiandaa.

Ujumbe wa matokeo ndio wenye masharti. Barua ya kukataliwa ikifika, ngoja hasira au huzuni ya mwanzo itulie, lakini usivushe siku mbili. Sababu ya kungoja ni kwamba ujumbe ulioandikwa ndani ya saa ile ya kwanza huwa na sentensi moja ambayo utatamani kuifuta. Sababu ya kutokawia ni kwamba meneja naye anayo habari hiyo, na kila siku inayopita inaongeza uwezekano wa aliyekupendekeza kuisikia kwake kwanza.

Kabla ya kumwandikia, mjibu mwajiri. Jibu fupi la heshima kwa rasilimali watu linatosha, na baadaye litakuwezesha kumwambia aliyekupendekeza kwamba umemaliza kila kitu upande wako.

Hatua ya tatu: andika, kisha upange upya

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mwombaji aliomba nafasi ya afisa manunuzi. Aliyempendekeza ni dada waliyewahi kufanya naye kazi ya kusimamia ghala, aliyemtangulia kiumri na kikazi, na ambaye sasa yuko katika kampuni yenye nafasi hiyo. Dada huyo alimwandikia meneja wa idara kwa jina lake. Mwombaji alifika usaili wa pili, kisha akapata barua pepe kwamba amechaguliwa mwingine. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa hivi:

> Shikamoo Dada. Natumaini u mzima wa afya wewe na familia yote, na kazi zinaendelea vizuri. Nilitaka kukushukuru sana kwa msaada wako mkubwa, Mungu akubariki. Kwa bahati mbaya mambo hayakwenda kama tulivyotarajia. Sielewi nilikosea wapi maana usaili ulikwenda vizuri kabisa, ingawa yule mmoja wa kwenye jopo alionekana kama tayari ana mtu wake. Naomba unisaidie kuulizia huko ndani tatizo lilikuwa nini. Na ukisikia nafasi nyingine yoyote usinisahau mdogo wako.

Ujumbe huu hauna tusi wala kiburi, na bado unamtwisha dada huyu mizigo kadhaa. Habari yenyewe imekuja katika sentensi ya nne, tena kwa mafumbo: hajui kama mwombaji hakuitwa kabisa, aliishia usaili wa kwanza, au alifika mwisho. Tofauti hiyo ni kubwa kwake. Mtu aliyefika usaili wa pili amethibitisha kwamba pendekezo halikuwa la upendeleo mtupu, na dada huyu anaweza kusimama mbele ya meneja wake bila aibu.

Kauli kuhusu yule wa kwenye jopo ndiyo hatari kuliko zote. Mwombaji ameiandika kama mtu anayemwaga moyo kwa dada yake, lakini anayetuhumiwa ni mfanyakazi mwenzake dada huyo, labda hata mkubwa wake. Akikubaliana na tuhuma, amemsaliti mwenzake, na akinyamaza, ataonekana amekubali. Ujumbe wa simu nao hupigwa picha ya skrini na kusafiri. Hata kama tuhuma ni ya kweli, hapa si mahali pake.

Ombi la kuulizia ndani linafanana na hilo kwa uzito. Jopo halitarajiwi kumwambia mfanyakazi mwingine sababu za kumwacha mwombaji, kwa hiyo dada atalazimika ama kuomba kitu asichostahili kupewa ama kurudi mikono mitupu na kukueleza kwa nini. Ukitaka maoni kuhusu usaili, waombe rasilimali watu moja kwa moja katika jibu lako kwao, kwa sentensi moja. Wakikujibu, ni vyema, na wasipojibu, suala limekwisha bila mtu wa tatu kuingizwa.

Sentensi ya mwisho, ya kutosahauliwa, haina ubaya wa tabia, ila inafungua deni jipya kabla la zamani halijafungwa. Msomaji akifika hapo anaona kwamba shukrani za juu zilikuwa utangulizi wa ombi. Nafasi nyingine iombwe siku nyingine, katika ujumbe wake wenyewe, ikiwa na tangazo mahususi mkononi.

Baada ya kupangwa upya, ujumbe ulikuwa hivi:

> Shikamoo Dada. Nakuletea majibu ya ile nafasi ya afisa manunuzi: nilifika usaili wa pili, lakini jana nimepata barua pepe kwamba wamemchagua mwombaji mwingine.
>
> Nakushukuru kwa kumwandikia meneja kwa jina lako. Katika usaili wa kwanza alianza kwa kuniuliza kuhusu kazi yetu ya ghala, nikaona kwamba maelezo yako ndiyo yaliyoyafungua mazungumzo yale, nami nikapata la kusema.
>
> Usaili wa pili uliegemea zaidi kwenye usimamizi wa zabuni kubwa, eneo ambalo bado sina uzoefu wa kutosha. Nimeomba kushirikishwa katika zabuni inayofuata hapa nilipo. Rasilimali watu nimekwisha kuwajibu na kuwashukuru, kwa hiyo hakuna unachohitaji kunifuatilia.
>
> Asante tena, Dada. Nisalimie nyumbani.

Aya ya kwanza ina salamu na matokeo katika pumzi moja. Salamu isiachwe, maana mkubwa hapewi habari bila kuamkiwa, lakini pia isiachwe ijaze skrini yote. Simu nyingi huonyesha mistari michache tu ya mwanzo kabla ujumbe haujafunguliwa. Mistari hiyo ikiwa ni ya kuulizia afya peke yake, msomaji huanza kukisia yajayo, na mara nyingi hukisia ombi. Baya zaidi ni desturi ya kutuma salamu tupu na kungoja iitikiwe ndipo habari ifuate. Mtu aliye kazini akiona «Shikamoo» iliyosimama peke yake huiahirisha hadi jioni.

Matokeo yametajwa kwa hatua iliyofikiwa na kwa siku jibu lilipotoka. Hayakuzungukwa kwa maneno ya bahati mbaya wala mapenzi ya Mungu. Mwenye imani anaweza kuyaweka maneno hayo mwishoni akipenda, ila yasiwe badala ya taarifa.

Aya ya pili inataja kitendo kimoja na athari yake moja. Hapa ndipo penye kazi kubwa ya ujumbe wote, kwa sababu aliyekupendekeza hana njia nyingine ya kujua kama maneno yake yalisaidia. Akiambiwa kwamba meneja alianza na kazi ya ghala, anajua alichokiandika kilisomwa, na pengine atakumbuka kumwandikia hivyohivyo mwingine. Kama hukuona athari yoyote, usiibuni. Shukuru kwa kitendo tu, useme kwamba unafahamu alitumia muda wake na jina lake.

Aya ya tatu inaeleza sababu kadiri mwombaji anavyoijua, kwa lugha isiyomlaumu yeyote. Angalia kwamba imetaja eneo la mazungumzo bila kutaja maswali yenyewe. Maswali ya usaili ni mali ya jopo, na mwajiri anaweza kuyatumia tena. Sentensi ya kutofuatilia ina kazi yake pia: inamfungulia dada huyo mlango wa kutoka. Bila hiyo, watu waungwana hujihisi wana wajibu wa kwenda kwa meneja kujaribu tena, na kujaribu huko huwagharimu zaidi kuliko pendekezo la kwanza.

Urefu wake ni wa kutosha. Ukizidi hapo, kwa kawaida kilichoongezeka ni utetezi, na utetezi hutambulika kwa maneno kama ingawa, hata hivyo na ila mimi. Soma rasimu yako ukiyatafuta, kisha uone kama sentensi inasimama bila kipande kinachofuata.

Ukiwa umepata nafasi

Hapa kosa la kawaida ni kumtangazia kila mtu kabla ya yeye. Mwambie siku ileile unapopewa ahadi ya kazi, na kabla hujaweka habari hiyo mahali popote pa hadhara. Eleza wazi umefikia wapi: umepigiwa simu, umepokea barua ya ajira, au umekwisha kusaini mkataba. Ahadi nyingi huwa na masharti, kama vile uhakiki wa vyeti au maoni ya wadhamini, nazo zinaweza kuondolewa. Ukimwambia umepata, akampongeza meneja, kisha barua isitoke, nyote wawili mtakuwa katika hali ngumu. Sentensi kama hii inatosha:

> Dada, shikamoo. Wamenipigia leo na kunipa nafasi. Barua rasmi nitaipata wiki hii, na bado kuna uhakiki wa vyeti, kwa hiyo naomba kwa sasa ibaki kati yetu. Nimetaka ulisikie kwangu kwanza.

Barua ikisainiwa, mwandikie tena ukimpa tarehe ya kuanza. Kiasi cha mshahara hakimhusu. Mkiwa chini ya mwajiri mmoja, kukitaja kunaweza kumfanya ajilinganishe nawe, jambo ambalo hakuliomba.

Baadhi ya kampuni humlipa mfanyakazi aliyeleta jina, mara nyingi baada ya mwajiriwa mpya kudumu kwa muda fulani. Hata ukijua hivyo, usiligusie. Ukilitaja kwa utani, shukrani yako inageuka kuwa hesabu. Kuhusu zawadi, mtu aliyekuwa na sauti katika uamuzi wa kukuajiri asipewe chochote chenye thamani ya fedha, kwa kuwa kitaonekana kama malipo ya nafasi na kinaweza kumponza kazini. Maneno yaliyoandikwa vizuri hayana hatari hiyo.

Ujumbe wa mwisho katika hali hii huja kipindi cha majaribio kinapokwisha. Uwe wa sentensi mbili tatu, ukimweleza kwamba umethibitishwa na kutaja kazi moja uliyoikamilisha. Kama mko jengo moja, mnaweza kuonana na kuzungumza, na maandishi hayatahitajika.

Ukiwa umeikataa nafasi, au ukimya umetawala

Kukataa nafasi uliyopendekezewa ni haki yako, lakini aliyekupendekeza asiipate habari hiyo kwa meneja aliyekasirika. Mwandikie kabla tu ya kumjibu mwajiri, au saa ileile. Taja sababu moja ya kweli isiyoidharau kampuni yake: umbali, aina ya majukumu, au ahadi nyingine uliyoikubali kwanza. Ikiwa sababu ni malipo, unaweza kusema kwamba mlishindwa kukubaliana kuhusu masharti, bila kutoa tarakimu. Ujumbe huu usitumwe kwenye anwani yake ya barua pepe ya kazini, kwa kuwa mwajiri anaweza kuwa na uwezo wa kuisoma, nawe unazungumzia kumkataa mwajiri huyohuyo.

Ukimya wa mwajiri ndio unaowachanganya waombaji, kwa sababu hawana matokeo ya kutoa. Kanuni ninayoiona inafaa ni hii: ikipita wiki mbili baada ya tarehe uliyoahidiwa jibu, muulize kwanza mwajiri mwenyewe. Ukipita muda kama huo tena bila jibu, mwandikie aliyekupendekeza kwamba hujasikia, kwamba ulishauliza na lini, na kwamba sasa unaendelea na maombi mengine. Usimalizie kwa swali. Akitaka kufuatilia kwa hiari yake atafuatilia, na akiona haifai, hukumlazimisha kukataa.

Njia ya kutuma, na baada ya hapo

Tumia njia ileile aliyoitumia kukuambia kwamba amekupendekeza, isipokuwa pale sababu ya usiri iliyotajwa juu inapokuzuia. Ujumbe wa sauti haufai sana kwa mambo haya, hata kama ndivyo mnavyowasiliana kila siku, kwa sababu hauwezi kusomwa kwa haraka wala kurejewa kwa urahisi anapoulizwa ulifikia usaili wa ngapi. Mkubwa anayependa kupigiwa simu apigiwe, kisha umwachie mistari miwili ya maandishi yenye matokeo.

Kabla ya kutuma, hakiki jina la nafasi, jina la idara na cheo cha mtu yeyote uliyemtaja. Aliyewapendekeza watu kadhaa kwa nafasi tofauti asipate shida ya kukumbuka wewe ulikuwa wa ipi.

Kisha uache. Wengi hujibu kwa neno moja la pole au hongera, wengine huonyesha wamesoma na kunyamaza. Usitume tena kuuliza kama ameuona, wala usiuchukue ukimya wake kama kinyongo. Ujumbe uliomwambia kwamba hana la kufuatilia hauhitaji jibu. Akijibu kwa kukuuliza jambo, kwa mfano kama ungependa jina lako libaki kwenye orodha ya kampuni, mjibu siku hiyohiyo na kwa uwazi, kwa sababu hapo yeye ndiye aliyelifungua suala upya.